Mpeni Mtu Jibu Lake

Mpwa wangu alikuja kunitembelea hapa Tanga Jumamosi moja, akaniamkia, akakaa kibarazani, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshaigeuza simu yake mara tano. Haikuwa imelia. Alikuwa anaigeuza tu, anatazama kioo, anairudisha kifudifudi juu ya mkeka. Nikamuuliza anamsubiri nani. "Simsubiri mtu, mjomba," akasema, kisha akaigeuza tena.

Mimi nimekuwa mshenga mara saba, kwa hiyo najua kungoja jibu kunavyomkaa mtu usoni. Lakini wale niliowatumikia walikuwa wanangoja jibu moja, kwa muda unaojulikana. Huyu binti alikuwa anangoja kitu kisicho na tarehe. Alikutana na kijana mmoja kwenye harusi Muheza. Wiki mbili za mwanzo meseji zilikuwa zinaingia tangu adhana ya alfajiri mpaka watu wanalala. Halafu Jumanne moja, kimya. Tiki mbili za buluu zinaonekana, maana yake ameshasoma, lakini hajibu. Siku ya tano akaibuka na maneno matamu kuliko ya mwanzo, kwamba amemkumbuka mno na anataka kuja kumwamkia mama. Binti akasamehe. Haukupita muda, kijana akauchuna tena.

Vijana wana neno lao kwa jambo hili, wanasema "amenikaushia". Sisi tulikuwa tunasema moto wa makuti, ule unaowaka ukaangaza kiambo kizima, na ukienda kuchota maji ya chai unakuta majivu. Ila moto wa makuti ukizimika umezimika. Huu wa leo unawashwa upya kila unapotaka kuondoka, na hapo ndipo penye shida ninayotaka kuwaomba wasomaji tuisaidiane.

Nikamwambia mpwa wangu alete daftari. Simu ina tarehe zote, kwa hiyo tukarudi nyuma siku arobaini na mbili, tukaweka alama kwa kila siku. M ni siku ya moto, ya mazungumzo yenye mwanzo na mwisho. V ni vuguvugu: "poa", "freshi", picha ya dole gumba. K ni kimya. Tulipomaliza tukahesabu: siku 11 za moto, 9 za vuguvugu, 22 za kimya. Binti akashtuka. Ungemuuliza kabla ya daftari angekuambia wanaongea karibu kila siku, na wala asingekuwa anadanganya. Siku ya moto huacha alama kubwa kichwani. Siku ya kimya haina la kukumbukwa.

Lakini hesabu ya kwanza haikuwa na maana kubwa kama ya pili. Tuliangalia kila siku ya moto ilitanguliwa na nini. Katika zile 11, nane zilikuja baada ya binti mwenyewe kunyamaza siku mbili au zaidi, au baada ya kuweka stetasi inayomwonyesha amevaa, anacheka, yuko kwenye shughuli Korogwe na watu wengine. Kisha tukaangalia vimya virefu. Vilikuwa vitatu, cha siku nne, cha siku tano na cha siku saba. Kila kimoja kilianza kesho yake baada ya kuzungumzia jambo lenye tarehe: lini utakuja nyumbani, nani atakuwa mshenga wako, mama nimwambie nini. Akisogelewa anarudi nyuma, akiachwa anasogea. Binti alikuwa akilisoma kama fumbo la moyo wake peke yake, eti amekosea neno gani, wakati lilikuwa limeandikwa wazi kwenye karatasi ya daftari.

Sasa niwaeleze kwa nini mtu mwenye akili zake, aliyesoma na mwenye kazi, ananaswa hapo. Watu wengi husema ni ujinga wa mapenzi. Si ujinga.

Katika miaka ya 1930 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikuwa anafanya majaribio na panya pale Harvard. Panya akibonyeza kipande cha chuma, kidonge cha chakula kinadondoka. Vidonge hivyo Skinner alikuwa anavitengeneza mwenyewe kwa mkono, kazi ya kuchosha. Alasiri moja ya Jumamosi akaangalia akiba yake, akaona ikienda hivi itambidi atumie alasiri yote iliyobaki na jioni yake kukanda vidonge. Akajiuliza, kwani lazima panya alipwe kila anapobonyeza? Akapanga alipwe mara moja tu kwa dakika, na mibonyezo mingine yote ipite bure. Yeye mwenyewe alikisimulia kisa hiki mwaka 1956. Panya hawakugoma. Waliendelea kubonyeza bila kukoma, na yeye akapata utafiti mpya kwa sababu ya uvivu wa kukanda.

Baadaye, pamoja na mwenzake Charles Ferster, alichapisha mwaka 1957 kitabu kinene kuhusu namna mbalimbali za kulipa, safari hii njiwa wakidonoa kitufe. Ninayoyataka mimi humo ni mawili. La kwanza, njiwa anayelipwa bila utaratibu, leo baada ya kudonoa mara tatu, kesho baada ya mara hamsini, hudonoa kwa bidii bila kupumzika. La pili ndilo kubwa. Ukikata chakula kabisa, njiwa aliyezoea kulipwa kila mara huacha mapema, na yule aliyezoea kubahatisha huendelea kudonoa muda mrefu sana.

Sababu yake ni nyepesi ukiitafakari. Aliyezoea kulipwa kila mara hugundua haraka kuwa mambo yamebadilika. Aliyezoea kukosa hana dalili ya kumwambia kuwa kukosa kwa leo ni tofauti na kukosa kwa juzi. Kwake kimya ni sehemu ya mchezo. Wacheza dubwi, ile mashine ya sarafu iliyojaa kwenye vibanda vya mitaani, wanalijua hili bila kusoma kitabu chochote. Anayetoka mikono mitupu haoni kwamba ameshindwa, anaona kwamba bado kidogo.

Kwa hiyo kama kijana yule angekuwa anajibu kila siku halafu akanyamaza, mpwa wangu angejua ndani ya siku tatu kwamba kuna jambo, angeuliza, angelia, yakaisha. Lakini kimya cha siku nne kilikuwa kimeshaisha kwa maneno matamu. Cha siku tano vilevile. Kile cha siku saba kwa nini nacho kisiishe? Kila alipomsamehe alikuwa anajifunza kungoja zaidi, na hakuna aliyemfundisha kwa kukusudia.

Binadamu bila shaka si njiwa. Yeye ana mawazo, na mawazo ndiyo yanayomaliza nguvu. Mwaka 2011 watafiti watatu wa Marekani, Erin Whitchurch, Timothy Wilson na Daniel Gilbert, walichapisha jaribio walilofanya na wasichana 47 wa chuo. Kila msichana aliambiwa kwamba wavulana wa vyuo vingine wameutazama ukurasa wake wa Facebook. Kundi moja liliambiwa hawa ndio waliokupenda zaidi, kundi la pili likaambiwa hawa wamekupenda kiasi, na la tatu likaambiwa huenda ni hawa waliokupenda sana, huenda ni wale waliokupenda kiasi, haijulikani. Waliovutiwa zaidi na wavulana wale walikuwa wale wa kundi la tatu, ambao pia ndio waliosema kwamba wavulana hao waliwajia mawazoni mara nyingi zaidi. Tusilivute jaribio hilo mbali kuliko lilipofika. Lilihusu mvuto wa kwanza, kwa wasichana wachache, na halisemi lolote kuhusu ndoa. Ila linatueleza kwa nini binti anaweza kufikiri kwamba anampenda mno yule anayemsumbua, kuliko yule fundi mpole wa jirani anayesalimia kila asubuhi. Wa jirani hana la kukisiwa.

Niliomba ruhusa ya mpwa wangu nimwone kijana. Tukakutana kwenye benchi la kahawa, tukanunua kashata, tukazungumza mpira kwanza kama inavyopasa. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mhuni. Sikumkuta. Nilimkuta mtu wa miaka ishirini na tisa anayelea wadogo zake wawili, mwenye haya, ambaye aliangalia kikombe chake muda mrefu kabla ya kusema. "Mjomba, akiwa mbali namtaka kweli. Akisema tukae tupange, nasikia kama mlango unafungwa. Nikinyamaza kidogo napumua. Halafu nikiona picha yake namtaka tena."

Kauli hiyo ina maelezo yake. Mwanasaikolojia Neal Miller alieleza zamani, katika miaka ya 1940, kwamba kitu kinachotamanisha na kutisha kwa pamoja huvuta na kusukuma kwa nguvu zisizolingana. Unapokisogelea, hamu inaongezeka, lakini woga unaongezeka haraka zaidi. Ukiwa mbali hamu inashinda, ukikaribia woga unashinda, na mahali fulani katikati mtu hubaki akienda na kurudi. Kijana wetu ndipo alipokuwa. Hakuwa anacheza na mtu, alikuwa anayumba. Wapo wanaocheza kwa makusudi, na wapo wanaoweka wachumba watatu kwenye foleni. Hao sina haja ya kuwatetea. Lakini naamini wengi ni wayumbaji. Nami nilimwambia yule kijana kwamba kuyumba si kosa, ila umemyumbisha na mwenzio pamoja nawe, naye hajui mnayumbia nini.

Zamani kuyumba huku kulikuwa na mahali pa kuishia. Posa ilikuwa barua. Iliandikwa kwa heshima, ikatiwa kwenye bahasha, ikafungwa kwenye kitambaa pamoja na chochote cha kufungulia, na mshenga akaipeleka. Wazazi wa binti walisema, "Tumeipokea, tutawajibu," na jibu lilitoka, mara nyingi baada ya wiki kadhaa za kuulizana. Jibu la hapana nalo lilikuwa na lugha yake. Ukiambiwa "binti bado anasoma", hata kama ameshamaliza shule miaka mitatu iliyopita, unajua safari imekwisha, unaaga vizuri, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Niseme ukweli pia kwamba desturi ile ilikuwa na ubaya wake, mara nyingi binti mwenyewe hakuulizwa. Sitaki turudi huko. Ninachokililia ni kile kitu kimoja, kwamba aliyebisha hodi alijibiwa.

Uchumba wa simu hauna mshenga. Mtu anabisha hodi saa tano usiku, anakaribishwa, anaingia mpaka sebuleni, kisha anatoka kwa dirisha bila kuaga. Na mwenye nyumba anabaki ameshika birika.

Basi ombi langu la kwanza ni kwako wewe unayewaka na kuzimika. Toa jibu, hata kama jibu lako ni kwamba huna jibu. Watu hudhani wanamwonea mwenzao huruma kwa kunyamaza, kumbe wanamwachia mlango nusu wazi, na mlango nusu wazi ndio unaomkesha. Andika maneno machache: "Nakuheshimu, lakini siko tayari kuendelea. Sitakutafuta tena, na wewe usinisubiri." Kama hujaamua, sema hivyo na uweke siku: "Nina woga, naomba mpaka tarehe 15 nitulie, siku hiyo nitakupigia." Halafu piga siku hiyo. Na ukishasema hapana, usirudi baada ya wiki tatu na "umeadimika sana", kwa sababu neno hilo dogo ndilo kidonge cha chakula.

Kwako unayengoja, naomba uchukue daftari kabla ya kuchukua uamuzi. Siku thelathini zinatosha. Usihesabu wiki mbili za mwanzo wa kujuana, maana hapo hakuna anayemdai mwenzie. Angalia pia kimya chake ni cha namna gani. Muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa lori aliye njiani kwenda Tunduma, mvuvi aliyeko dago, wote hunyamaza. Kimya chao hutangulizwa na taarifa au hufuatwa na maelezo, na hakitegemei mlikuwa mnazungumza nini jana yake. Akirudi, hurudi pale mlipoachia. Mwenye moto wa makuti hurudi na moto tu. Ukimuuliza lile la juzi anakuambia "tuachane na hayo". Mwingine kimya chake ni ugonjwa: halali, hali, anajitenga na kila mtu, hata mpira hauangalii. Huyo anahitaji kutembelewa, na ikibidi kupelekwa hospitali, kabla ya kuulizwa habari za posa.

Daftari likikuonyesha ulichokuwa unakishuku, uliza mara moja, kwa maneno mafupi na kwa tarehe. Asipojibu, hilo ndilo jibu. Kisha ujue mambo mawili yatakayokupata. Siku za kwanza za kuacha zitakuwa kali kuliko zile za kungoja, mkono utaitafuta simu wenyewe; njiwa naye akikatiwa chakula huanza kwa kudonoa kwa hasira zaidi. Na karibu na siku unayoanza kupata usingizi, ndipo yeye ataibuka. Hesabu ya mpwa wangu ilituonyesha hivyo mara nane. Ukimpokea siku hiyo kwa bashasha, umejifundisha kungoja zaidi kuliko ulivyokuwa umezoea, na safari ijayo kuacha kutakuwa kugumu zaidi. Unaweza kumjibu, si dhambi, lakini mjibu kwa lile swali la tarehe.

Hapo niweke mpaka. Kama baridi yake ni kipigo au matusi na moto wake ni machozi ya kuomba msamaha, hayo si ninayoyazungumza. Hapo daftari halitoshi. Nenda kwa ndugu unaowaamini, na kituo cha polisi kuna dawati la jinsia na watoto lililowekwa kwa kazi hiyo.

Ombi la mwisho ni letu sisi wakubwa, mashangazi, wajomba, masomo. Binti akija na simu mkononi tunamwambia subira yavuta heri. Kijana akilalamika kwamba msichana leo anacheka naye kesho hamjui, tunamwambia mwanamke habembelezwi mara moja, kaza buti. Wapo hata wanaomfundisha binti ajikaushe makusudi ili apande thamani. Kwa nia njema kabisa tunawafundisha kubonyeza chuma. Subira ni ya jambo linalokwenda, hata kama linakwenda polepole. Jambo linalokwenda na kurudi pale pale kwa siku arobaini na mbili halingojewi. Badala ya methali, tukae nao nusu saa na daftari, na tukiweza tujitolee tena kuwa washenga, hata wa kwenda kuchukua jibu la hapana tu. Mimi nimefanya hivyo mara moja, na nitafanya tena nikiombwa.

Yule kijana alimwandikia mpwa wangu siku ya Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri. Lilikuwa hapana, kwa heshima, mistari mitatu. Binti alilia mpaka Jumapili. Jumatatu alikwenda kazini, akasahau simu nyumbani kwetu, na hakuifuata mpaka jioni.

Nawe msomaji, kama kuna mtu unayejua kwamba anangoja neno lako, weka gazeti chini kwanza umwandikie.